Chupa Zilizolala za Babu Qamara

Wananchi wote wa Karatu mnatangaziwa kwamba Kamati Ndogo ya Vitu Vilivyo Chini ya Ardhi, ambayo mimi Josephati ndiye katibu wake, ilimaliza kazi yake kwa ufanisi mwaka 1983. Maneno ya sokoni ni wivu tu.

Ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Sabuni ilifichwa, sukari ilifichwa, na sisi tulikuwa tunafichua. Ndipo tukasikia kwamba Germana, mjukuu wa marehemu Qamara, amerithi stoo ya chini ya nyumba iliyojaa mvinyo. Mzee Qamara alikuwa mpishi wa mzungu wa shamba la kahawa, na mzungu alipoondoka alimwachia chupa zote.

Tulishuka ngazi watu watano na tochi moja. Chini kulikuwa na baridi kama ya kingo za kreta. Upande mmoja chupa zilisimama kwenye rafu, safi, lebo zinang'aa. Upande wa pili zililala kwenye mchanga, zimejaa vumbi na ukungu.

"Hizo zilizosimama ni siki, ndugu katibu," Germana alisema bila kuulizwa. "Babu alilaza zote. Chupa ikilala, mvinyo unalowesha kizibo, kizibo kinavimba, hewa haiingii. Ikisimama miaka, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inapenya, mvinyo unachacha."

"Nani alizisimamisha?"

"Ninyi. Mlikuja mwaka sabini na nne kukagua usafi. Mkasema kulala ni uvivu, taifa limesimama. Rafu ikatosha nusu tu."

Nilikumbuka. Lilikuwa agizo zuri sana.

Aliwasha mshumaa nyuma ya chupa iliyosimama. Mvinyo ulikuwa umeshuka hadi mabegani, rangi ya chai ya juzi, na vijidudu vilizunguka kizibo. Akainua iliyolala, taratibu, asitibue mashapo. Mvinyo ulifika shingoni, mwekundu, unapitisha mwanga.

"Hata hizi si zote nzima," akasema. "Mbili zimevuja, nimezitenga. Zimebaki ishirini na moja; ishirini meneja wa hoteli ya kule juu kreta anazitaka. Atanipa mashine ya kusaga iliyolala stoo kwake. Wanawake wa Endamarariek wanabeba mahindi kichwani tangu alfajiri kwenda kusaga mbali, ndugu katibu. Msininyang'anye hizi, nawaomba. Onjeni wenyewe."

Kuonja! Saa za kazi! Nilimkemea. Isitoshe, mtuhumiwa hujitetea siku zote. Mjumbe Raphaeli alininong'oneza kwamba mwanamke anatupiga chenga: anasifia zilizooza ili tuchukue hizo, yeye abaki na nzuri. Basi nikaandika hati: chupa zilizosimama, thelathini, ni BORA, zitaifishwe kwa ajili ya dhifa ya mgeni. Zilizolala ni MBOVU, mwenyewe aziondoe wilayani kabla ya jua kuzama.

Germana aliisoma hati mara mbili. Akainamisha uso, mabega yakatikisika. Nilimwonea huruma, kwa kuwa nilidhani analia.

Mgeni wetu alikuwa mkaguzi wa bidhaa mbovu kutoka mkoani, mtu aliyesoma Ulaya. Jioni ile alipewa glasi ya kwanza kwa heshima. Akanusa. Akapiga funda. Macho yakamtoka, akashika meza.

"Nani kaidhinisha hii?"

Niliinuka kwa fahari na kusoma hati yote, pamoja na namba ya kumbukumbu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kesho asubuhi mniletee chupa moja tu inayonyweka," alisema, "la sivyo nitajua la kufanya."

Saa moja asubuhi nilikuwa kwa Germana. Mashine ilikuwa imeshafungwa uani, inanguruma, na foleni ya akina mama wenye debe imefika barabarani. Zile ishirini zilikuwa zimekwenda jana mchana kwa lori la hoteli. Geti la hifadhi ya kreta halikusumbua: hati yangu iliagiza ziondolewe.

"Dada Germana, hukubakiza hata moja?"

"Moja ninayo, ya misa ya arobaini ya babu."

"Nipe, nakusihi."

"Nimpe mgeni wa serikali kitu kibovu, kaka? Mtanifunga." Akageukia foleni. "Mwingine!"

Nilirudi mikono mitupu. Mgeni alikuwa amepanga chupa ishirini na tisa mezani, na glasi moja.

"Kamati imesema ni bora, na mimi naiheshimu kamati," alisema. "Zifunguliwe zote. Aliyetia sahihi aonje kila moja mpaka aipate hiyo bora."

Wajumbe wenzangu walikumbuka, wote kwa pamoja, kwamba hawakutia sahihi. Raphaeli akanivutia kiti.