Limonade Mbili na Neno Rafiki

Jumapili, 2 Juni 1957

Leo ni leo! Désiré, karani wa posta, amenipeleka sinema ya parokia. Mimi, Clémence, mshona nguo wa mtaa wa Mangobo, mwenye miaka ishirini na mitatu, nimelipiwa! Tiketi kalipa yeye. Limonade mbili kalipa yeye. Mikate ya moto kalipa yeye, wala hakukunja uso. Kweli alimlipia pia Odile, binti wa mtaani kwake, aliyekuja naye. Lakini Odile alilipiwa kwa heshima tu. Mimi nililipiwa kwa nia. Tofauti inaonekana wazi.

Jua lilipokuwa linazama akatusindikiza. Odile alifikishwa kwanza, mimi wa mwisho. Ili abaki nami! Ni kweli nyumba ya Odile inatangulia, na chumba cha Désiré kiko mbele kidogo ya kwetu, njia ileile. Hayo sikuyapa uzito. Mlangoni akavua kofia, akasema nimekuwa rafiki mwema kwake tangu alipofika kutoka kwao Isangi, kule mtoni. Akanipa mkono kama anavyowapa watu wa dirishani kwake. Rafiki mwema. Mwanamume mwenye akili hakurupuki na neno kubwa siku ya kwanza. Anaanza na rafiki.

Jumatatu, 3 Juni

Papa, baba yangu, ameniita. Tonton wa Zacharie, mjomba wake, atakuja Jumapili ya Pentekoste kuchukua jibu la posa. Zacharie ni fundi baiskeli, watu wao ni wa Kasongo kama sisi. Mwezi uliopita tonton wake alileta kuku wawili na kitenge cha mama. Nikikubali, vitu vinabaki. Nikikataa, kitenge kinarudi na kuku wanarudi.

Huyo Zacharie hajawahi kuninunulia hata limonade moja! Akinipita njiani anasema bonjour, macho kwenye pedali. Alipokuja kutengeneza baiskeli ya papa, mama alimwekea wali na samaki. Akakataa mara tatu. Akanywa maji, tena amegeuka upande. Hana adabu kabisa.

Nimemwomba papa anipe mpaka Jumapili. Lazima nihakikishe nia ya Désiré kwanza. Félicité, ninayeshona naye baraza moja, anasema mwanamume anayetaka mke hamwiti rafiki, anatuma tonton wake. Wivu unamsumbua.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa mwavuli. Asubuhi nimekwenda posta, nikausahau makusudi dirishani kwa Désiré. Atauleta mwenyewe jioni, atakaribishwa kiti, mambo yatasema.

Saa sita mwavuli umefika. Umeletwa na Hubert, mgawa barua, pamoja na kikaratasi: "Angalia vitu vyako, rafiki." Félicité amekisoma akasema huyo amekwishajibu. Mimi naona anajali vitu vyangu. Nimekificha ndani ya kikopo cha vifungo.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa wivu. Nimepita mbele ya posta na Hubert, nacheka kwa sauti. Hubert hakuwa amesema lolote la kuchekesha, akaniuliza kama ninaumwa. Désiré akatoka. Badala ya kukasirika, akamwambia Hubert ana bahati, na mimi akaniambia Hubert ni mtu mwaminifu, hanywi, Jumamosi anatoka kazini mapema.

Anaumia ndani kwa ndani. Wengine wanaumia kwa kutabasamu.

Ijumaa, 7 Juni

Tukichambua pondu, majani ya muhogo, mama amenieleza desturi ya kwetu. Mwanamume anayemtaka binti anaona haya kula mbele ya mama yake. Hata akiwa na njaa atakataa, atageuka upande, atakunywa maji. Alisema hayo huku akinitazama sana, sijui kwa nini.

Lakini hii ni silaha kweli! Nitamwita Désiré kesho. Akikataa chakula, ni wangu.

Jumamosi, 8 Juni

Amekula! Sahani mbili za wali. Pondu. Kichwa cha samaki. Akaomba pilipili. Akamgeukia mama uso kwa uso, akanyonya mifupa, akasema: "Mama, chakula ya hapa iko muzuri sana, ni kama kwetu!" Mama akamwongezea, kisha akanitazama kwa huruma.

Nimejifariji kwamba watu wa mto hawana desturi hii. Kumbe alipokuwa ananawa mikono alisimulia, bila kuulizwa, jinsi kaka yake alivyokaa na njaa mchana kutwa kwa wakwe zake. Basi wanayo. Labda alijisahau kwa sababu ya utamu wa pondu. Félicité amecheka mpaka akajichoma na sindano.

Jumapili, 9 Juni, Pentekoste

Papa ameuliza. Nimesema hapana. Tonton wa Zacharie alikunja kitenge polepole, akatushukuru, akabeba kuku wake. Zacharie alikuwa amesimama nje ya ua, ameshika baiskeli. Hakuingia. Moyo ulinishtuka kidogo nilipomwona anavyotazama chini. Nikajikaza.

Mchana nikaona sasa mlango uko wazi, niende moja kwa moja. Nikamwuliza Désiré ana nia gani nami. Maskini akavua kofia tena. Akasema aliyealika ndiye anayelipa, ndivyo alivyolelewa. Hata Hubert analipiwa naye. Akasema ana dada wanne, mwanamke hamwachi atembee peke yake giza likiingia. Angekuwa na nia, angeniambia mwenyewe, halafu tonton wake angepanda mtumbwi kuja kwa papa. Na huyo tonton amekwisha kwenda Yanonge, kwa wazazi wa Marie-Jeanne. Harusi ni Agosti. "Nakuambia wazi, Clémence, usipoteze wakati. Wewe iko rafiki muzuri, ni vile tu."

Nimelia. Nimelia mpaka mama akaacha kuuliza.

Jumatatu, 17 Juni

Tonton wa Zacharie ameonekana kwa kina Félicité, na kuku walewale. Nimewatambua, mmoja ana mguu mbovu.

Félicité ananisimulia kwamba jana Zacharie alikwenda kwao kurekebisha cherehani. Zamani alikuwa akila hapo bila kubembelezwa. Jana mama yake Félicité alimwekea samaki, akakataa. Akageuka upande, akanywa maji.

Nilimhurumia Félicité kwa kupewa mtu asiye na adabu. Kisha nikakumbuka maneno ya mama kwenye pondu. Nikasimamisha cherehani. Mguu ukabaki juu ya pedali. Mtu huyo alinitaka, na aliniambia kwa namna aliyofundishwa, mbele ya macho yangu. Inauma sana.

Nimeapa. Kuanzia leo, neno nitalichukua kama lilivyosemwa.

Jumapili, 23 Juni

Désiré amekuja. Alikuwa ametaka nimsaidie kuchagua kitambaa cha gauni la Marie-Jeanne, maana ninajua nguo. Tulizunguka maduka matatu jana, leo ameniletea nyumbani kitambaa nikikate. Nimechagua cha bluu chenye maua. Jana njiani alininunulia limonade. Alilipa yeye. Akanisindikiza mpaka mlangoni, ingawa jua lilikuwa bado kali na hakukuwa na giza la kuogopa.

Kazi hii angeweza kumpa Félicité, ambaye mishono yake imenyooka kuliko yangu. Hakumpa. Na mlangoni, kofia mkononi, akasema mimi ni rafiki mwema sana.

Sana! Tarehe mbili hakusema sana.

Agosti bado ni mbali. Kesho nitausahau mwavuli.