Ombi la Kugongewa Mhuri wa Maktaba Kwenye Kompyuta Yangu

Kwa Mwalimu Mtunza Maktaba,

Shikamoo Mwalimu. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Rafiki yangu Chapchap akija kuazima kitu, mdomo wangu husema "chukua tu" kabla kichwa hakijashauriwa.

Sasa anataka kompyuta mpakato aliyonipa dada. Ni ya bei kubwa, na kazi yangu ya sayansi ya kufungia mwaka imo humo. Dada alisema nikiiharibu hakuna nyingine. Naomba uzingatie yafuatayo:

1. Kikokotoo changu kilirudi bila kifuniko cha betri. Aliziba kwa plasta ya kidonda, akasema, "Kimepona, kaka."

2. Pampu ya baiskeli ilirudi ikipuliza hewa upande wa mkono. Nilimwambia haina shida.

3. Nimemwona akitumia kompyuta ya binamu yake. Huinua kioo kwa kushika kona moja, na bawaba ya upande ule imeshalegea. Huiweka juu ya blanketi, matundu ya feni yanazibika, nayo inachemka hadi inajizima. Chaja huichomoa kwa kuvuta waya, ndiyo maana shingo ya waya imepasuka. Mara ya mwisho aliifunga huku kalamu iko juu ya kibodi. Kioo kilipasuka.

4. Binamu sasa anaitumia kama trei.

Kwa hiyo naomba kompyuta yangu iandikishwe kuwa kitabu cha rejea na igongwe mhuri wa HAKITOKI MAKTABANI. Mhuri ukigongwa chini, hautaziba matundu, nimepima. Najua haina kurasa, lakini ina maneno mengi kuliko kamusi, na kamusi hamuiazimishi. Ikiwa sheria hairuhusu, basi niandikishwe mimi. Mtu akiniomba kitu, nitamwonyesha mhuri mkononi bila kulazimika kuzungumza.

Wasalimie wote wa maktaba, pamoja na yule mzee anayelala kwenye magazeti.

Ni mimi mwanafunzi wako wa meza ya dirishani.

Nyongeza: Mwalimu, kabla sijaileta barua hii Chapchap alikuja. Kwa kuwa mhuri ulikuwa bado, nilisema, "Hapana. Unaharibu vitu."

Akauliza, "Sasa mbona kila siku unaniambia haina shida? Mimi nikadhani hujali vitu vyako, nikawa nakusikitikia."

Kisha akasema, "Basi njoo nayo wewe mwenyewe. Nina kazi ya jiografia na sijui hata pa kuanzia."

Nilienda. Niliiweka mezani kwao, nikachomeka chaja mwenyewe, nikamwonyesha kuinua kioo kwa katikati. Anachapa kwa kidole kimoja, polepole sana. Mimi nimekaa kiti cha pili na nimemwambia nina haraka, asije akaniomba niiache hapa, ingawa haraka sina.