Mstari wa Tatu wa Kiitikio

Jumatatu, 6 Mei
Dada yangu anakuja Jumamosi. Miaka thelathini na miwili! Tulipohama kwetu, mimi nilibeba kamusi mbili na pasi ya mkaa. Yeye alibeba daftari la nyimbo za baba. Nalitaka. Kuliomba waziwazi siwezi; ataniuliza ile pasi iko wapi.

Mjukuu wangu mkubwa wa kike, mwalimu wa kwaya ya watoto, ataka wimbo wa kumpokea. Kaniomba kiitikio cha lugha tatu: Kiswahili kwa ajili ya majirani, Kiingereza kwa wajukuu wadogo waliokulia shule za Kiingereza, na lugha ya kwetu kwa dada, ambaye Kiswahili chake ni cha salamu tu. Nimekubali kwa unyenyekevu. Mpango umeshanijia. Lugha ya kwetu nyumba hii naijua mimi peke yangu.

Jumanne, 7 Mei
Jaribio la kwanza: "Bibi welcome kwetu forever moyoni." Nikaona nimewamaliza. Nikamwimbia fundi cherehani wa mlango wa pili. Akasimamisha mashine, akauliza ni nani anahamia. Mjukuu mdogo naye alishika "forever", mengine yakampita.

Mjukuu mkubwa akasema, Babu, umepika uji kwa nyama. Lugha isibadilike katikati ya sentensi. Ibadilike mstari unapokwisha, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Na kila mstari urudie jambo lilelile, ili mwenye lugha moja tu asiachwe njiani. Binti mdogo, maneno makubwa. Nimeyaandika.

Jumatano, 8 Mei
Mstari wa kwanza: "Bibi karibu, hapa ni kwako." Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi pigo la ngoma nimeliweka kwenye RI ya "karibu" na KWA ya "kwako". Asubuhi lilikuwa limeangukia BU, nikasikika kama mgeni anayejifunza.

Mstari wa pili: "You are home." Maneno matatu, si zaidi. O ya "home" inaitikia o ya "kwako", sikio linavuka mpaka bila kuulizwa pasi ya kusafiria.

Fundi cherehani kasikiliza: ni bibi anakaribishwa kwake. Mjukuu mdogo: ni bibi kafika nyumbani. Barabara.

Alhamisi, 9 Mei
Mstari wa tatu, wa lugha yetu. Mjukuu kaagiza useme: mama yetu, umefika kwako. Nimeandika: daftari la baba ni langu. Kwa lugha yetu, yote mawili yana silabi nane. Nimemwambia maana ni ile aliyoagiza. Dhamiri ilikohoa kidogo, nikaipa chai.

Kazi ya ufundi sikuiharibu. Lugha yetu hupanda na kushuka, kwa hiyo sauti nimeipandisha panapopanda neno. Na kwa kuwa waimbaji hawaijui, nimeufanya mstari uwe mwepesi mdomoni: irabu wazi, mwisho mrefu wa a, unarudiwa mara mbili. Nimeuweka mwishoni. Dada atauelewa yeye peke yake, ataguswa, atanipa kimyakimya.

Ijumaa, 10 Mei
Mazoezi. Jambo la ajabu. Watoto wanasahau mstari wa kwanza, wa pili wanaumumunya, lakini wa tatu wanaupigia kelele. Fundi cherehani anauimba akitia uzi. Mjukuu akaeleza kwamba mstari wa mwisho wenye irabu ndefu ndio unaobaki kichwani. Nilijua kanuni hiyo. Sikuiuliza ingefanya nini.

Jumamosi, 11 Mei
Dada kafika, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mkoba kifuani. Watoto kumi na wanne wakamwimbia kwamba daftari la baba ni langu. Mara mbili. Kisha majirani wakadakia.

Dada akacheka mpaka akaomba kiti. Akaniambia kwa lugha yetu kwamba daftari alikuwa nalo mkobani, alilileta liwe langu, na ningelipata kabla ya chai kama ningenyamaza. Akamwita mjukuu mkubwa. Akaniamuru nitafsiri mstari ule mbele ya watu wote. Nikatafsiri. Fundi cherehani akasema kumbe wiki nzima alikuwa ananidaia mali.

Daftari kapewa mjukuu. Dada kasema mimi nimfundishe lugha, ukurasa kwa ukurasa, asije akaimbishwa tena kitu asichokijua. Nilipoona mwandiko wa baba, ile b yake yenye mkia, ilinibidi nitoke nje kidogo.

Jumapili, 12 Mei
Somo la kwanza. Mjukuu ana sikio zuri. Nimefurahi kuliko nilivyotaka kuonyesha. Dada anaondoka Jumatano na ameomba wimbo wa kuagana. Nimejitolea. Kosa langu sasa nalijua: mahali. Kiitikio kipya kina mistari minne, na ule wa kulidai daftari nimeuweka wa pili, wenye silabi fupifupi, asiushike mtu ila dada.