Glasi Juu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Mama mkwe anatimiza miaka sabini Jumapili. Amekulia kwenye Kifaransa, mpaka leo akikasirika anakasirika kwa Kifaransa. Mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, ametangaza atampongeza kwa lugha hiyo. Eti aliishi nayo miaka miwili seminari. Nikasikia mdomo wangu unasema na mimi pia. Mke wangu akaniuliza najua Kifaransa tangu lini. Nikamwambia mwanamume ana mengi.

Sijui hata neno.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata mwokozi! Mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mteja wangu. Cherehani yake inaruka mishono. Nitamtengenezea, aniandikie hotuba. Akaniuliza nataka kumwambia nini mama mkwe. Nikasema chochote kitakachomzidi mwanyumba. Akaweka kalamu chini.

Basi nikamweleza. Kwamba nilipofukuzwa kazi, huyo mama alitupokea kwake miezi kumi na minne, na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Kwamba sijawahi kumshukuru. Nilijifanya naangalia sindano.

Jumatano, 8 Mei

Hotuba ni mistari mitano tu! Nilitaka ukurasa. Mwalimu akasema watu wameshika glasi, mikono inachoka.

*Chère belle-maman,*
*Je suis très heureux d'être avec vous aujourd'hui.*
*Vous m'avez ouvert votre porte comme à un fils.*
*Merci beaucoup.*
*Levons nos verres : à votre santé !*

Yaani: mama mkwe mpendwa, nina furaha kubwa kuwa nawe leo. Ulinifungulia mlango wako kama mwanao. Asante sana. Tuinue glasi, kwa afya yako. Nikauliza kwa nini *votre* na si *ta*, ni fupi zaidi. Akasema *ta* ni ya rafiki na mtoto, mama mkwe ni wa *vous* na *votre*. Tena yeye ni mama, nisimwige akijisomea *heureuse*, huyo ni mwanamke anayefurahi. Mwanamume ni *heureux*, na ile x mwishoni haisikiki.

Ijumaa, 10 Mei

Leo matamshi. Kuna u ya Kifaransa isiyo yetu: unachongoa midomo kama unapiga mluzi, halafu unasema "i". Imo kwenye *suis*, japo hapo inapita upesi. Lakini wakiandika *ou*, hiyo ni u yetu ya kawaida, kama kwenye kuku. *Vous. Ouvert. Beaucoup.* Akarudia mara tatu, akinikazia macho, kwamba kwenye *beaucoup* nisichongoe midomo kabisa. Hakusema kwa nini.

Nimefikiria mwenyewe karakanani. U ya kuku kila mtu anayo. Hata mwanyumba anayo. Mtu aliyesoma atatambulikana kwa midomo. Nitaichongoa kila mahali!

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwomba shemeji anayeendesha shughuli anitangulize mbele ya mwanyumba. Amekubali. Mke wangu kanikuta kwenye kioo, midomo nje. Ameuliza kama ni jino.

Jumapili, 12 Mei

Mungu wangu.

Nilisimama. Glasi juu. Watu arobaini kimya. Mstari wa mlango ukapita, nikamwona mama mkwe machozi yanamlengalenga. Nikavimba kichwa. Nikachongoa midomo mpaka pua ikauma, nikamwambia *merci beaucoup* kwa sauti ya juu.

Dada yake akapaliwa na juisi. Mwanyumba akainamia meza, mabega yanatikisika. Mama mkwe akaniita taratibu: "Mwanangu, hebu niambie kwa Kiswahili." Nikasema asante kwa mlango. Nikakaa.

Mwanyumba akainuka na vijineno, asante kwa yote na afya tu: *Belle-maman, merci pour tout. À votre santé.* Akalia! Mama akalia! Wote wakagonga glasi. Yangu sikumbuki niliiweka wapi.

Jumatatu, 13 Mei

Mwalimu alifunga macho nilipomsimulia. Kumbe kwa midomo ile *coup* inageuka neno lingine. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikamwambia mama mkwe: asante, makalio mazuri.

Mke wangu anaongea na mimi kupitia ukuta.

Jumanne, 14 Mei

Mama mkwe amepiga simu. Nilipokea nimesimama wima kama askari. Amesema hakukasirika, miaka sabini si haba, sifa hazimfikii kila siku. Akasema ule mstari wa mlango aliusikia. Niende Jumamosi, sisi wawili, nimwambie vizuri kwa Kiswahili, maana ndicho alichokuwa anakingojea miaka yote.

Niliweka simu, nikakaa chini ya meza ya kazi muda mrefu.

Jumatano, 15 Mei

Kwa Kiswahili! Kila mtu anajua Kiswahili. Mwanyumba angesema nimeshindwa. Nimeazima kamusi, nene kama tofali, na safari hii simshirikishi mwalimu, anabana sana maneno. Namwandikia mama mkwe barua ya Kifaransa, kwa mkono wangu.

Niko ukurasa wa saba. Bado sijafika kwenye asante.