Pampu Imelala Tena

Jumatatu, 14 Julai
Mama Kalekye, mwenyekiti wa kamati ya maji, amenifokea kabla sijanywa chai. Pampu imelala tena usiku! Jumamosi kamati itaamua kama nitabaki fundi wa kisima hapa Matinyani au kazi apewe Kivuva. Kivuva! Mtu anayevaa glavu kubadilisha balbu.
Mchana nimeijaribu. Inanguruma. Lakini mchana posho mill, zile mashine za kusaga unga, zinadhoofisha stima, kwa hivyo lazima tuvute maji usiku.

Jumanne, 15 Julai
Nimeng'amua. Kivuva huja kuizima! Nimejificha nyuma ya ua wa minyaa na rungu. Baridi ya Julai si mchezo. Kisha, tak! Pampu ikazima. Hakuna Kivuva, hakuna hata mbwa. Kontrola, sanduku linaloiongoza pampu, imewasha taa ya "tangi limejaa". Nikapanda ngazi. Tangi tupu! Sanduku la chuma linanidanganya mchana kweupe, tena usiku.

Jumatano, 16 Julai
Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakishuka linaning'inia, linaunganisha nyaya mbili, pampu inawaka. Yakijaa linaelea na kuzitenganisha. Kwa hiyo waya ukiachana popote, kontrola huamini tangi limejaa. Mchana nimepima: nyaya zimeungana. Usiku pampu ilipozima, nikakata stima, nikazitoa nyaya za boya kwenye kontrola, nikaweka kipande cha waya mahali pake. Nikawasha. Pampu ikaenda! Kontrola haina kosa. Nikazima, nikapima zile nyaya: zimeachana. Ubaya uko njiani kwenda tangini.

Alhamisi, 17 Julai
Usiku nimerudisha nyaya. Mzee Musyimi, mlinzi, ameangalia taa huku mimi nikiutikisa waya polepole. Chini ya tangi nikakuta kiungo kimefungwa kwa kipande cha blada, ule mpira wa ndani ya tairi la pikipiki. Nikakibana. Musyimi akapiga kelele kwamba taa imezima na pampu imewaka. Nikakiachilia, ikazima.
Nimekifungua. Shaba imesokotwa kwa mkono tu, imeota kijani! Jua likiipasha inatanuka na kugusana; baridi ikija inajivuta na kuachana. Kazi ya mjinga! Nimekata stima, nikaweka kiunganishi cha skrubu ndani ya kisanduku kisichoingiza maji. Blada nimeiweka mfukoni. Kivuva amekwisha.

Jumamosi, 19 Julai
Nimeitupa blada mezani, nikadai aliyeifunga asiguse tena pampu yetu. Kamati ikapiga kura kwa mikono. Mimi niliinua yote miwili! Ndipo Musyimi akaigeuza. Ndani, kiraka cha manjano: ile pancha ya pikipiki yangu niliyoipata kule Kwa Vonza, niliyomsimulia kila mtu.
Mama Kalekye akasema, "Pole Nyamai. Kura tumeshapiga."
Funguo amepewa Kivuva. Dhuluma tupu! Kiungo kilikuwa kizuri, baridi ndiyo iliyokiharibu.

Jumapili, 20 Julai
Spika ya kanisa ilikatika katikati ya mahubiri. Kivuva alikuwa amefumba macho akiomba. Mimi nikaupata waya uliokatika! Nimeusokota kwa mkono, nikaukaza kwa blada ile ile. Safari hii kiraka nimekiweka ndani kabisa, na nimeweka mafundo matatu.
Itashika.