Kurasa Kumi na Moja za Kumuaga Bibi Chaki

Jumatatu, 3 Novemba

Bibi Chaki anastaafu Ijumaa, baada ya miaka arobaini darasani. Maneno ya kumtakia heri kabla ya kuinua glasi amepewa Mwalimu wa Hesabu. Huyo! Hata salamu huifupisha! Mimi, niliyefunzwa kazi na Bibi mwenyewe, nimepewa vinywaji. Nimekubali haraka mno. Mwenye chupa ndiye mwenye shughuli.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemweleza Mwalimu wa Hesabu kanuni. Mzaha kwanza, watu walegee. Shukrani baadaye, wakumbuke. Kisha waombe wasimame, taja jina, inua glasi. Anayeagwa hainui yake, kwani mtu hajitakii heri mwenyewe. Nikaongeza kwamba mzaha usipochekwa humfuata mtu mpaka kaburini. Akapauka. Akaniomba, mzee wangu, si uniokoe? Nikajifanya nasita. Sekunde mbili.

Alhamisi, 6 Novemba

Hotuba tayari. Kurasa kumi na moja. Mke wangu amesikiliza mbili, akasema, baba watoto, kwa mwendo huu hata wewe utastaafu kabla hujamaliza. Hajui utunzi.

Ijumaa, 7 Novemba

Chumba cha walimu, saa nane mchana. Mvinyo wa povu ulikuwa ndooni tangu saa saba, kwenye barafu na maji. Ukiwa na joto hufoka. Nikabandua karatasi, nikalegeza waya, dole gumba juu ya kizibo. Nikainamisha chupa na kuizungusha chupa yenyewe, si kizibo. Kikatoka kwa pumzi ndogo tu. Nikamimina glasi ikiwa imeinama, nikangoja povu litulie, nikaongeza. Wasiokunywa wakapata juisi. Glasi zote zikiwa mikononi, nikaanza kusoma.

Mvinyo huu hauna subira! Ukurasa wa nne, chimbuko la kuinua glasi. Ukurasa wa sita, hakuna povu hata moja. Karani wa shule alikuwa ameinua yake tangu ukurasa wa pili, sasa ameegemeza kiwiko kabatini. Mwalimu wa Hesabu akauliza kama kuna mapumziko.

Bibi Chaki akaniambia taratibu, mdogo wangu, kengele imelia, sema lililo moyoni.

Kurasa zikanidondoka. Nikasema kwamba mwaka wangu wa kwanza darasa lilinishinda, nikajifungia stoo ya ramani. Akanifuata, akanipa chaki, kisha akakaa dawati la nyuma wiki nzima akijifanya anasahihisha madaftari. Yalikuwa ya darasa lisilo lake. Mpaka leo, nikiingia darasani, hutazama dawati la nyuma kwanza. Tusimame. Kwa Bibi Chaki!

Wakacheka, wakanywa mvinyo uliopooza kama chai ya jana. Bibi akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akashindwa kuivaa tena.

Jumatatu, 10 Novemba

Wote wananisifia yale maneno machache ya mwisho. Hawaelewi kwamba yalinoga kwa sababu ya kurasa zilizotangulia. Mwalimu mkuu anastaafu mwakani. Nimeshaanza. Niko ukurasa wa kumi na nne, na bado sijamtaja.