Mbina, Ndege ya Mbao na Picha Nne

Jumatatu, 10 Julai 1995

“Jana tumewashinda mchana kweupe.” Hayo ni maneno ya shemeji Masalu leo asubuhi, mbele ya duka, watu wakisikia. Uongo! Kwanza haikuwa mchana, ilikuwa jioni. Mtu anayekosea saa atakosea na mengine.

Naandika ukweli ubaki. Sisi kundi la Wagika tulicheza mbina, ngoma ya mashindano, na Wagalu, kundi la Masalu, uwanjani Usagara. Pande mbili, wakati mmoja, mtazamaji anakwenda anakotaka. Sheria niliisema mwenyewe Jumamosi, mbele ya mzee Chenge mwamuzi: jua likigusa kilima, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hata mkono tulipeana.

Mimi nilitunga wimbo juu ya soko huria. Beti arobaini, kila moja na hoja yake. Masalu alileta ndege ya mbao. Ikafunguka tumbo. Ikanyanyua minofu ya sangara kuipeleka Ulaya, ikatuangushia sisi mapanki, vichwa na mifupa mitupu. Watu wakakimbilia huko kama wameitwa kwa jina. Nilikuwa ubeti wa kumi na tisa.

Chenge akatangaza Wagalu washindi. Nimekata rufaa.

Jumatano, 12 Julai

Mjini kwa Naushad mpiga picha, niliyemkodi. Picha thelathini na sita! Nimezitandaza kwenye kaunta. Nne ni safi kabisa: umati wote uko kwetu, kule kwa Masalu kuna mbuzi na bibi mmoja. Nimezichukua hizo. Thelathini na mbili nimemwachia Naushad. Akaniuliza, Mwalimu, hizi nyingine zina kasoro gani? Nikamwambia hazikutoka vizuri. Akazitazama kwenye mwanga, akasema mbona zimetoka vizuri sana, mpaka ndege inaonekana misumari.

Hajui mijadala, huyu. Anajua mwanga tu.

Jioni nimepata habari mbaya. Masalu anahamia Geita Jumamosi, kwa mwanawe anayechimba dhahabu. Anahama kabisa, na masufuria. Amemwambia dada yake Odeta, yaani mke wangu, kwamba hataki kuvuka maji na ugomvi mgongoni. Anataka nimwambie neno moja tu, “Mmetushinda,” halafu tule ugali pamoja kama tulivyokula tangu tunachunga ng'ombe.

Neno moja! Kwa nini asiombe figo?

Alhamisi, 13 Julai

Kikao kwa Chenge. Nimeweka picha zangu nne juu ya mkeka, moja moja, kama mtu anayelaza karata za ushindi. Wakainama kuzitazama. Nikajua nimewapata.

Odeta ndiye aliyeharibu. Mke wangu mwenyewe! Akauliza Naushad alipiga picha ngapi. Nikakohoa. Akauliza tena. Nikasema thelathini na sita. Akasema basi Baba Rebeka, anayechambua mchele hutupa mawe, wewe umetupa mchele ukatuletea mawe. Zote thelathini na mbili zilizobaki zinasema nini? Na hizi nne zilipigwa saa ngapi?

Masalu akaziinua. Akaonyesha vivuli vifupi miguuni mwa watu: saa saba mchana. Halafu akaonyesha sanduku la muuza barafu, limesimama katikati ya wachezaji wangu. Akasema, shemeji, hao hawakufuata beti zako, walifuata barafu. Watu wakacheka hadi Chenge akajifuta macho.

Nikabadili silaha. Nikasema watoto wasihesabiwe, mtoto hufuata chochote kinachoruka. Chenge akakubali! Lakini akasema watoto watolewe pande zote mbili, si upande wa Masalu tu. Wakakumbuka pamoja nani alisimama wapi, wakawatoa. Bado walizidi. Nikasema basi na wageni wa kutoka Nyegezi watolewe. Wakatoa. Bado. Nikasema wahesabiwe waliokaa mwanzo hadi mwisho.

Hapo Masalu hakucheka tena. Akasema taratibu kwamba mimi ni kama jirani anayehamisha minyaa ya mpaka kila watu wakilala, na asubuhi anaapa shamba lilikuwa hivyo tangu babu. Jumamosi mpaka ulikuwa jua na kilima. Leo umehama mara tatu. Akaniomba nitaje mbele ya wote: ni ushahidi gani nikionyeshwa nitakubali? Niutaje sasa, kisha nisiuguse.

Nimebishana na maafisa elimu, na mapadri, na vyama vyote vipya vya siasa. Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikasema nitafikiri.

Chenge akaongeza kwamba kubadili kipimo si dhambi. Kipimo kibaya kibadilishwe. Ila kwanza ukubali umeshindwa kwa kile mlichopatana, halafu kipya kitangazwe kabla ya mbina ijayo, kiwabane wote.

Masalu akasema anangoja hadi Jumamosi saa nne, kivukoni Kigongo. Alipotoka hakunipa mkono. Nadhani hakuuona wangu, ulikuwa umeshika picha.

Jumamosi, 15 Julai

Nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeamua kabisa! Nimeamka na lile neno mdomoni, tayari.

Lakini njiani nikafikiri: heri niende na picha kubwa, ya kumbukumbu tu. Nikapitia kwanza mjini. Naushad akafungua akiwa amechelewa. Nikamwomba aikuze ile ya pili, na akate pembeni panapoanza kuonekana bawa la ndege. Akasema Mwalimu, nikikata hapo unabaki wewe na muuza barafu. Nikasema kata.

Lori la pamba likanifikisha Kigongo kivuko kikiwa kimeshaachia gati. Masalu alikuwa nyuma, kati ya magodoro na kuku. Akaniona. Akasimama, akaweka kiganja sikioni.

Maji yalikuwa bado membamba kati yetu. Sauti ingefika. Nikajaza kifua, nikapaza:

“Wageni hawahesabiwi!”

Akateremsha mkono. Akageukia Busisi, ng'ambo ya pili.

Nilibaki pale na picha yangu. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama naagana na ndugu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimemwambia nililotaka. Nikanunua ndizi.

Jumapili, 16 Julai

Odeta amepika ugali na sato. Ameweka sahani tatu. Ya tatu hakuna aliyeigusa, na hakuna aliyeiondoa. Hajanigombeza. Afadhali angenigombeza, hapo ninajua pa kujibu.

Nimekaa kuandika barua ya Geita. “Mmetushinda.” Nimelitazama neno hilo. Zuri, fupi, halina jeraha. Kalamu ikaongeza yenyewe: “kwa kipimo cha zamani.” Nimechana. Nimeandika tena. Kalamu imeongeza tena.

Miaka yote hii nikigombana na yule mtu sikuwahi kuwa mpweke. Leo nimeshinda hoja tano peke yangu uani, na hakuna aliyezikataa.

Jumatatu, 17 Julai

Nimelala vizuri, nimeona kosa langu. Nakiri, nami si mtu wa kukiri ovyo. Picha nne zilikuwa chache mno! Nani ataamini nne?

Barua ya Geita itangoja. Nitampelekea pamoja na ushahidi kamili, ndipo tutakula ugali kwa amani. Tangazo nalibandika leo mlangoni pa duka:

Wagika wa Usagara na Nyegezi! Kila aliye na picha ya mbina ile inayoonyesha umati upande wetu, ailete kwangu kabla ya Jumapili. Zenye ndege ziacheni nyumbani.